Ratiba ya Rukia ilipovunjika Jumanne: uchambuzi wa kisa cha wiki ya mtihani

Rukia, jina nimelibadilisha, alikuwa kidato cha nne katika skuli moja ya wilaya ya Wete, Pemba. Kisa chake ni cha wiki ya mtihani wa majaribio, mwezi wa Agosti, karafuu zikiwa zimeshaanza kuchumwa. Nakiandika kwa sababu wanafunzi wengi hupanga ratiba nzuri ya kusoma, ikaharibika siku ya pili, na kinachowaangusha baadaye ni jinsi walivyojaribu kuitengeneza. Kuharibika kwenyewe mara nyingi ni jambo dogo.

Mitihani ilikuwa minane katika siku tano. Jumatatu asubuhi Uraia, mchana Kiswahili. Jumanne Hisabati peke yake asubuhi. Jumatano Kiingereza asubuhi na Jiografia mchana. Alhamisi Baiolojia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Ijumaa asubuhi Historia, watu wakawahi sala. Mtihani wa asubuhi ulianza saa 2 na ule wa mchana saa 8, kila mmoja wa muda wa saa tatu.

Ratiba yake ya kusoma aliipanga Jumapili usiku kwenye karatasi mbili zilizogundishwa, kwa rula na penseli za rangi. Jicho lilivutiwa na Jumanne, siku yenye mtihani mmoja tu. Hapo ndipo alipoweka mzigo wote: saa 7 mchana hadi saa 9 Jiografia, saa 10 hadi saa 12 jioni Baiolojia, baada ya magharibi Kiingereza, na baada ya isha hadi saa 5 usiku Jiografia tena. Jumla ni kama saa nane za kusoma, baada ya mtihani wa Hisabati, bila nafasi hata moja iliyoachwa wazi.

Jumatatu jioni mambo yalikwenda vizuri. Somo lilikuwa moja, Hisabati, na kazi ilikuwa inajulikana: maswali ya mitihani iliyopita, moja baada ya jingine, mpaka saa 4 usiku. Naitaja Jumatatu kwa sababu ilimdanganya Rukia. Alilala akiamini kuwa ratiba yote imejengwa kama ilivyojengwa siku ile, na haikuwa hivyo. Kisanduku cha Jumatatu kilisema afanye nini. Visanduku vya Jumanne vilitaja jina la somo tu.

Jumanne yenyewe ilianza kuvuja mapema kuliko yeye alivyoeleza mwanzoni. Aliponisimulia, alisema karafuu ndizo zilizomharibia siku. Nilipomwomba anieleze saa kwa saa, ikaonekana kuwa Hisabati ilimalizika saa 5 na yeye akabaki uwanjani na wenzake mpaka karibu saa 7, wakiulizana majibu. Alitoka pale na wasiwasi wa swali moja la sehemu ya pili, lenye alama 10, ambalo wenzake wawili walipata jibu tofauti na lake. Alifika nyumbani saa 7 na nusu, akala, akafungua Jiografia saa 8. Alisoma kama saa moja na nusu, akipindua kurasa huku kichwa kikiwa bado kwenye lile swali.

Baada ya alasiri ami yake akafika na mapakacha ya karafuu kutoka shamba. Asiyekaa Pemba huenda akauliza kwa nini zisingoje asubuhi. Karafuu mbichi hazilazwi. Ni lazima zichambuliwe siku ile ile, yaani zitenganishwe na makonyo, ili asubuhi zianikwe kwenye jamvi juani. Zikirundikwa usiku kucha hupata joto, hubadilika rangi na zikikauka hushuka daraja, na hiyo ni fedha ya nyumba nzima, pamoja na ya sare na daftari za Rukia mwenyewe. Basi nyumba nzima ikakaa barazani: bibi, mama, watoto wadogo, na yeye. Unashika kishada, unakisugua kiganjani, tumba zinaangukia upande mmoja na makonyo unayatupa upande wa pili. Walimaliza saa 3 usiku. Alifungua daftari la Kiingereza saa 3 na nusu na usingizi ukamchukua akiwa amelilalia.

Katika zile saa nane alizozipanga alipata moja na nusu, nayo ilikuwa dhaifu.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na faida kwa wengine. Rukia aliamka saa 6 usiku, akaona ratiba imepotea, akafanya jambo ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya: alichukua penseli na kuvisukuma visanduku vyote vya Jumanne viingie Jumatano. Jiografia saa mbili, Baiolojia saa mbili, Jiografia nyingine saa tatu, na vya Jumatano vyenyewe vilikuwepo tayari. Karatasi ile niliiona kesho yake. Jumatano ilikuwa na saa tisa za kusoma, juu ya mitihani miwili ya saa tatu kila mmoja. Ili zienee, usiku wa kulala ulikatwa ukabaki wa saa tatu. Akaanza palepale, akasoma Kiingereza mpaka saa 8 usiku, na asubuhi akaingia chumba cha mtihani macho mekundu.

Ratiba iliyosukumwa namna hii huvunjika tena siku hiyo hiyo, na kila ikivunjika deni huongezeka. Kosa ni la hesabu. Mwanafunzi anaangalia kazi iliyobaki akaigawa, bila kuuliza kwanza muda halisi uliobaki ni kiasi gani. Na tena makisio yetu ya muda hayaaminiki hata tukiwa makini. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross walichapisha matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada walioulizwa watamaliza tasnifu zao lini. Kwa wastani walisema siku 34, wakamaliza kwa siku 55 hivi. Waliulizwa pia ingekuwaje mambo yakienda vibaya kabisa, wakakisia siku 49. Yaani hata makisio yao ya mabaya yalikuwa mafupi kuliko hali ilivyokuwa. Kwa hiyo sioni sababu ya kumlaumu binti wa miaka 17 kwa kukisia vibaya. Ninachotaka ni ajue la kufanya baada ya kukisia vibaya.

Jumatano saa 5, baada ya Kiingereza, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya darasa na ile karatasi mapajani.

"Mwalimu, sijui nianze na lipi. Nimechelewa kwa kila kitu."

"Hebu weka karatasi chini, mwanangu. Tuhesabu muda kwanza, masomo baadaye."

Tulihesabu nafasi ambazo kwa kweli zilikuwepo, tukiondoa chakula, sala, njia ya kurudi nyumbani na usingizi wa saa sita na zaidi. Kabla ya Jiografia ilibaki saa moja na nusu. Usiku wa Jumatano, baada ya isha, saa mbili. Alfajiri ya Alhamisi, baada ya sala, saa moja. Mchana wa Alhamisi kati ya mitihani miwili, saa moja na nusu. Usiku wa Alhamisi saa mbili, na alfajiri ya Ijumaa saa moja. Ukijumlisha unapata saa tisa mpaka mwisho wa wiki. Karatasi yake ilikuwa imeziweka saa tisa hizo ndani ya Jumatano peke yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe haiwezekani hata nikikesha." Kutoka hapo kazi ikawa rahisi, kwa sababu aliacha kutafuta mahali pa kuweka vitu vyote akaanza kuchagua vya kuacha.

Kuchagua kunahitaji kipimo. Tulichukua alama zake za mtihani wa muhula uliopita tukazilinganisha na mipaka ya madaraja ya kidato cha nne: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30. Jiografia alikuwa na 42, alama tatu tu chini ya C. Baiolojia 36, katikati ya D. Elimu ya Dini 68, na hilo ni somo analolijua tangu chuo cha Kurani. Historia 70, tano chini ya A. Hivyo saa moja ya Jiografia ilikuwa na thamani kubwa kuliko saa moja ya somo jingine lolote, mradi itumike kwenye kitu kinacholeta alama kwa uhakika. Baiolojia ilihitaji saa nyingi zaidi, bila ahadi ya kuvuka daraja. Dini ilihitaji mapitio mafupi. Nisisitize kwamba kipimo hiki ni cha wiki ya mtihani tu. Mwanafunzi anayepima masomo kwa mipaka ya madaraja mwaka mzima ataishia kuliacha somo lililo gumu, na Baiolojia ya Rukia ilikuwa tayari imeumia kwa namna hiyo.

Kwenye Jiografia tukaacha mada zote tukabaki na moja: usomaji wa ramani. Nilimwekea kipande cha ramani cha skeli ya 1:50,000 na nikamwambia apime urefu wa barabara kwa uzi. Akaulaza uzi juu ya barabara, akifuata kila kona, akaunyoosha kwenye rula akapata sentimita 7.4. Akazidisha kwa 50,000, akapata sentimita 370,000. Halafu akagawa kwa 1,000 na kuandika kilomita 370.

"Pemba nzima, kutoka kaskazini mpaka kusini, ni kilomita ngapi?"

"Haifiki 70, Mwalimu."

Akacheka, akagawa kwa 100,000, akapata 3.7. Nikamwonesha njia fupi: kwenye skeli hiyo sentimita moja ni nusu kilomita, basi gawa sentimita kwa mbili na ulinganishe na jibu lako refu. Kosa hili alikuwa analifanya mara kwa mara, na daftari lake halikuwahi kumwonesha, kwa sababu alikuwa akiisoma njia iliyoandikwa na mwalimu na kuiona inaeleweka. Kisha tukafanya eneo: hesabu miraba mizima, jumlisha nusu ya ile iliyokatika, na kila mraba wa sentimita mbili kwa mbili ni kilomita moja ya mraba. Mwisho marejeo ya tarakimu sita, ukianza na mistari ya kwenda mashariki. Kwa saa moja hivi akawa amefanya mambo matatu kwa mkono wake. Dakika zilizobaki nilimwambia ale na apumzike. Utafiti wa Jiografia na mada ya hali ya hewa, ambavyo vilikuwa na visanduku viwili vikubwa kwenye ratiba ya zamani, viliachwa kabisa.

Baiolojia ilikuwa na tatizo la aina nyingine, nalo ni la kwetu hasa. Rukia hufahamu somo likielezwa kwa Kiswahili. Muulize kwa nini damu ya mtoto inaweza kuwa kundi O wakati wazazi ni A na B, atakueleza vizuri. Lakini mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na kusoma daftari la Kiingereza kwa macho kulimpa hisia kuwa anajua. Akifunga daftari, sentensi hazitoki. Kwa hiyo kazi ya usiku ule haikuwa "Baiolojia". Ilikuwa: chagua maswali matano ya miaka iliyopita, funga daftari, andika jibu zima kwa Kiingereza, kisha fungua urekebishe. Faida ya kujijaribu kuliko kurudia kusoma imethibitishwa. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, walionyesha kuwa waliosoma tena walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki waliojijaribu ndio waliowazidi. Maana yake, ile hali ya kujisikia umeelewa mara tu ukimaliza kusoma si kipimo kizuri cha utakachokumbuka.

Likabaki jambo ambalo karatasi haiwezi kulitatua. Karafuu zitakuja tena leo alasiri. Nikamuuliza kama nyumbani walijua kuwa yuko kwenye mitihani. Walijua. Walijua ratiba yake ya kusoma? Hapana. Na yeye, alijua kuwa ami ataanza kuchuma lile shamba Jumanne? Alijua tangu Jumapili. Lilizungumzwa wakati wa chakula. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote. Aliipanga ratiba kana kwamba anaishi peke yake, huku habari iliyoivunja ikiwa imeshasemwa mbele yake siku mbili kabla.

Sikumshauri aombe kuachiwa kabisa. Katika msimu, nyumba inayochambua karafuu usiku inahitaji kila mkono, na mtoto anayejitoa kabisa huwaachia mzigo bibi na wadogo zake. Tulitafuta ombi linaloweza kukubaliwa: atachambua tangu anaporudi mpaka isha, na baada ya isha ataachiwa saa mbili chumbani, kwa siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi. Jioni ile alimwendea mama yake. Alinihadithia baadaye kuwa alisema, "Mama, nisaidie. Nitachambua na nyinyi mpaka isha, kisha niachie nisome mpaka saa 4. Ijumaa nikitoka Historia nitaanika na kugeuza jamvi siku nzima." Mama akamjibu, "Ungesema tangu jana, mwanangu, ningekutoa mapema." Bibi akaongeza kuwa Ijumaa asisahau.

Usiku wa Jumatano umeme ukakatika saa 2 na robo, ukarudi karibu saa 3 na robo. Saa moja nyingine ikaenda, nusu ya muda wa Baiolojia. Hapa ndipo nilipojua kuwa amejifunza, maana hakuna aliyemwongoza. Hakuisukuma saa ile iingie usiku. Katika maswali matano akayaacha mawili, akabakisha la urithi, la mfumo wa mmeng'enyo na la uainishaji wa viumbe, akayafanya mawili usiku na moja alfajiri, akalala saa 4 na robo. Alhamisi mchana, kabla ya Dini, alipitia vichwa vya mada kwa nusu saa na muda uliobaki akalala kwenye mkeka wa msikitini upande wa wanawake. Usiku wa Alhamisi tulikuwa tumeuandikia saa moja tu ya Historia na saa ya pili tukaiacha tupu. Saa hiyo tupu ilitumika: mdogo wake alipandwa na homa, mama akaenda naye zahanati, na Rukia akashika nafasi ya kupika.

Matokeo niyaseme kama yalivyotoka. Jiografia alipata 49, akavuka kuingia C, na swali la ramani alilipata karibu lote. Baiolojia 41, juu kidogo ya zamani lakini bado D. Historia 72. Dini 70. Kiingereza, ule mtihani alioufanya baada ya kukesha, kilishuka kutoka 51 hadi 46. Siwezi kusema kwa uhakika kila alama imeletwa na nini; mtihani mmoja na mwanafunzi mmoja havitoshi. Ila ile ramani ina ushahidi wake kwenye karatasi ya majibu: 1:50,000, sentimita, akagawa kwa 100,000, na pembeni akaandika njia fupi kuhakikisha.

Mwezi wa Oktoba aliniletea ratiba ya mtihani wa taifa wa Novemba, ambao unachukua zaidi ya wiki mbili. Hakutumia rangi. Juu aliandika shughuli za nyumba kwanza: siku ambazo ami anachuma, zamu yake ya maji, hitma ya babu. Chini yake zikafuata nafasi zilizobaki baada ya hizo, na ndani ya kila nafasi kazi moja ya kufanywa kwa mkono, yenye idadi ya maswali. Kila siku ya tatu jioni ilikuwa tupu. Pembeni ya kila somo aliweka mstari wa vitu atakavyoviacha kwanza muda ukipungua, vikiwa vimeshachaguliwa akiwa ametulia.

Nilipata dosari moja. Mtihani wa vitendo wa Baiolojia aliuwekea nafasi mbili za alfajiri chumbani kwake, na kupima chakula kwa iodini hakufanyiki kitandani. Tukazifuta zote mbili, nikamwomba mwalimu wa maabara amfungulie Jumamosi mbili asubuhi pamoja na wenzake wanne, na zile alfajiri akazirudishia Kiingereza.